Foleni iliyojaa mlangoni: kwa nini seva inakata wateja ilhali CPU imetulia

*"Seva yetu ya Linux (kerneli 4.19) ina programu moja inayosikiliza mlango 8080, michakato 16. Kwa kawaida tunapata maombi kama 150 kwa sekunde, kila ombi na muunganisho wake, na kila moja huchukua kama milisekunde 80. Kila saa kamili vifaa vya wateja hutuma taarifa kwa pamoja, tunafika 500 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 5 hivi. Hapo ndipo wateja wanapopata `Connection reset by peer`. CPU haivuki asilimia 30 na logi ya programu haina kosa hata moja. `dmesg` inasema `Possible SYN flooding`. Nilipandisha `tcp_max_syn_backlog` hadi 65535, hakuna kilichobadilika. Nikaweka `tcp_abort_on_overflow=1`, makosa yakazidi. Je, tunashambuliwa? Niongeze nini?"*

Ndugu yangu, kwa dalili hizi hamshambuliwi. Wanaojazana mlangoni ni wateja wenu wenyewe, na wengi wao kerneli ilikuwa imeshawaitikia. Programu yako haina kosa kwenye logi kwa sababu haijawahi kuwaona watu hao. Walikatwa kabla hawajaifikia, na aliyewakata ni kerneli. Ndiyo maana ukiitafuta sababu ndani ya programu hutaipata, na ukiitafuta kwenye CPU utaikuta imetulia.

Tuanze na kinachotokea mteja anapounganishwa, maana vigezo vyote viwili ulivyogusa vinategemea hapo. Mteja anapiga hodi kwa pakiti ya SYN. Kerneli inaitika karibu kwa SYN-ACK, na kumwandika mgeni kwenye foleni ya kwanza, ile ya waliopiga hodi lakini hawajaingia. Mteja akijibu kwa ACK, muunganisho umekamilika, naye anahamishiwa foleni ya pili, ile ya walioingia wakisubiri kupokewa. Wanakaa hapo mpaka programu iite `accept()` na kumchukua mmoja. Salamu hizi zote tatu hupita bila programu kushiriki. Michakato yako 16 yote inaweza kuwa inasubiri jibu la hifadhidata, na kerneli ikaendelea kukaribisha wageni kwa niaba yake.

Watu wengi hudhani tatizo la aina hii liko kwenye foleni ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayotajwa na jina `tcp_max_syn_backlog`, na ndiyo inayoshambuliwa katika mafuriko ya SYN. Kwako, foleni iliyojaa ni ya pili. Urefu wake hupangwa na namba mbili: ile ambayo programu inaipitisha inapoita `listen()`, na `net.core.somaxconn` ya kerneli. Inayoshinda ni ndogo kati ya hizo mbili, wala hakuna onyo lolote linaloandikwa. Kuanzia kerneli 5.4 thamani ya msingi ya `somaxconn` ni 4096, lakini kwenye 4.19 yako ni 128. Programu inaweza kuwa iliomba nafasi 2048, ikapewa 128, na isijue.

Usiniamini kwa maneno tu. Subiri saa kamili ifike, kisha andika amri hii mara kadhaa ndani ya zile sekunde 5:

```
$ ss -lnt 'sport = :8080'
State   Recv-Q  Send-Q  Local Address:Port  Peer Address:Port
LISTEN  129     128     0.0.0.0:8080        0.0.0.0:*
```

Kwa soketi inayosikiliza, safu hizi mbili hazihesabu baiti kama zinavyofanya kwenye miunganisho ya kawaida. `Send-Q` ni kikomo cha foleni ya pili, na `Recv-Q` ni idadi ya wanaosubiri humo sasa hivi. Ukiona 129 juu ya 128 usidhani amri imekosea. Kerneli hukataa pale idadi inapozidi kikomo, si inapolingana nacho, kwa hiyo mmoja wa ziada huingia. `Recv-Q` ikikaa juu ya kikomo namna hiyo, kila mgeni mpya yuko mashakani.

Amri ya `ss` ni kama kuchungulia dirishani. Ukichungulia nusu sekunde mapema unaweza kukuta patupu. Ushahidi unaobaki ni wa vihesabu vya kerneli:

```
nstat -az TcpExtListenOverflows TcpExtListenDrops \
  TcpExtTCPReqQFullDrop TcpExtSyncookiesSent TcpExtSyncookiesRecv
```

Zichukue namba dakika moja kabla ya saa kamili na dakika moja baadaye, kisha utoe. `ListenOverflows` hupanda kila foleni ya pili inapokutwa imejaa. `ListenDrops` hujumlisha na sababu nyingine za kutupa, kwa hiyo haiwi chini yake. Zikipanda pamoja kwa kiasi kinachokaribiana, jibu unalo. Ila usisome ongezeko la 900 kama wateja 900. Mteja mmoja anayepiga hodi mara tatu na kutupwa mara tatu amehesabiwa mara tatu.

Sasa nieleze kwa nini foleni kujaa kunaleta matokeo mawili yasiyofanana, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea.

Tokeo la kwanza linampata anayepiga hodi wakati foleni ya pili tayari imejaa. SYN yake inatupwa kimyakimya. Hapati kukataliwa wala kukatwa. Anadhani pakiti imepotea njiani, anasubiri sekunde 1 na kupiga tena, kisha sekunde 2 zaidi, kisha 4. Akibahatika mara ya pili, muunganisho uliopaswa kuchukua milisekunde chache umechukua sekunde 1 na ushee. Mara ya tatu, sekunde 3. Mara ya nne, 7. Ukichora muda wa kuunganishwa wa wateja wako na ukaona vilima kwenye 1, 3 na 7, na kati yake pakiwa karibu patupu, hiyo ni alama ya SYN zinazopotea. Mtandao uliochoka au hifadhidata nzito haichori picha ya namna hiyo. Muda wake husambaa.

Tokeo la pili linampata aliyepiga hodi nafasi ikiwepo, akaitikiwa karibu, lakini kabla ACK yake haijafika, foleni ya pili ikajaa. Kwa upande wake mambo yamekamilika, `connect()` imefaulu na anaanza kutuma ombi. Kwa upande wa seva hajaingia kokote. Katika hali ya kawaida, yaani `tcp_abort_on_overflow` ikiwa 0, kerneli inaipuuza ile ACK na kumwacha kwenye foleni ya kwanza, halafu inamtumia SYN-ACK tena baada ya sekunde 1, 2, 4 na kuendelea. Mteja naye anarudia kutuma ombi lake. Nafasi ikipatikana katika kurudiana huko, anaingizwa na kazi inaendelea, akiwa amechelewa tu. Isipopatikana, kerneli hukata tamaa na kumfuta. Kwa mpangilio wa msingi wa marudio 5, hilo hutokea baada ya sekunde 63, ingawa foleni ya kwanza ikiwa imesongamana kerneli hupunguza marudio na kumfuta mapema zaidi. Baada ya hapo, pakiti yoyote itakayofika kutoka kwa mteja yule inakuta muunganisho usiojulikana, na jibu lake ni RST. Hiyo ndiyo `Connection reset by peer` waliyokuwa wakiipata tangu mwanzo.

Kuna kundi jingine linalopata tabu hiyo kwa sura tofauti. Katika itifaki ambazo seva ndiyo inayoanza kusema, kama SMTP au MySQL, mteja hana cha kutuma. Anakaa kimya akisubiri salamu ambayo haitakuja, mpaka muda wake wa subira uishe. Ukiwa na huduma ya aina hiyo pia, usitegemee makosa ya kukatwa ndiyo yakuamshe.

Bila shaka sasa unaona `tcp_abort_on_overflow=1` ilifanya nini. Iliiambia kerneli iache kumvumilia mteja wa kundi la pili na badala yake imtumie RST papo hapo. Wale ambao wangeingia wakiwa wamechelewa kwa sekunde 1 au 3 wakawa makosa. Kigezo hicho kina matumizi yake, kwa mfano pale ambapo mbele kuna kisawazisha mzigo kinachojua kumpeleka mteja kwenye seva nyingine mara moja. Lakini kwa vifaa vinavyounganishwa moja kwa moja na seva moja, kirudishe kwenye 0 leo hii, kabla ya jambo jingine lolote. Na usijilaumu kwa kukijaribu. Kule kuongezeka kwa makosa baada ya kukiwasha ni uthibitisho kuwa foleni ya pili ndiyo inayojaa, kwa sababu kigezo hicho hakigusi kitu kingine.

Kuhusu `tcp_max_syn_backlog`, kutobadilika kwa lolote nako kuna maelezo. Katika kerneli ya umri wa yako, foleni ya kwanza hupimwa kwa kikomo kilekile cha soketi, yaani ile 128. Hiyo 65535 uliyoweka huangaliwa pale tu `tcp_syncookies` inapokuwa 0, nayo kwa kawaida ni 1. Maandishi mengi ya zamani hukitaja kigezo hicho kama dawa ya kwanza, kwa hiyo si ajabu ulianzia hapo. Kukiacha hakutadhuru, lakini usihesabu kwamba kinakusaidia.

Na ule ujumbe wa `dmesg`? Kerneli inauandika foleni ya kwanza inapojaa, bila kujua aliyeijaza ana nia gani. Neno `Possible` limewekwa kwa sababu hiyo. Kwako foleni ya kwanza hujaa kwa sababu mbili zinazokutana: hodi nyingi zinakuja kwa mkupuo, na wale waliopuuzwa ACK zao wanaendelea kukalia nafasi humo. Mafuriko ya kweli yana sura nyingine. Foleni ya pili huwa karibu tupu, kwa kuwa hakuna anayemaliza salamu. Miunganisho ya `SYN-RECV` hujaa kutoka anwani nyingi zisizojibu. `SyncookiesSent` hupanda kwa kasi huku `SyncookiesRecv` ikibaki nyuma sana. Vidakuzi vya SYN, mbinu ya kumwitika mgeni bila kumwandika kwenye foleni ya kwanza, vilibuniwa na D. J. Bernstein mwaka 1996, navyo vimetengenezwa kwa hali hiyo. Havikusaidii kwenye tatizo lako, kwa sababu foleni ya pili ikijaa, SYN mpya inatupwa hata kama vidakuzi vimewashwa.

Mshambuliaji pia hafuati saa kamili. Nyinyi wenyewe mmevipangia vifaa vyenu saa hiyo.

Tufanye hesabu kwa namba ulizonipa, kwani zinatosha kuonyesha suluhisho. Michakato 16, kila ombi milisekunde 80: mchakato mmoja unamaliza maombi 12.5 kwa sekunde, yote 16 inamaliza 200. Maombi yanapofika 150 kwa sekunde mnapumua. Yanapofika 500, kila sekunde inaacha 300 bila wa kuwapokea. Foleni yenye nafasi 129 hujaa katika muda usiofika nusu sekunde, halafu zile sekunde nne na nusu zilizobaki zote ni za kutupa na kukata. CPU iko asilimia 30 kwa sababu michakato hiyo haifanyi hesabu. Inasubiri, na kwa uzoefu wangu karibu kila mara inaisubiri hifadhidata. Mchakato unaosubiri hauli CPU, lakini pia hauiti `accept()`.

Ukirefusha foleni, nini kitatokea? Kwa sekunde 5, ziada ni 300 mara 5, yaani wageni 1500. Foleni ya 2048 ingewameza wote bila kumtupa hata mmoja. Lakini wa mwisho atawakuta 1500 mbele yake, na kwa kasi ya 200 kwa sekunde atasubiri sekunde 7.5. Baada ya mkupuo, maombi yakirudi kuwa 150, mnapunguza 50 tu kila sekunde, kwa hiyo foleni itamalizika baada ya nusu dakika. Hapo inabidi ujiulize kifaa cha mteja kina subira ya sekunde ngapi. Kama ni 30, umefaulu. Kama ni 5, umejenga mtego. Kifaa kitaondoka kikiwa kwenye foleni na kujaribu upya, huku muunganisho wake wa kwanza ukibaki. Programu itakuja kuuchukua, itafanya kazi ya milisekunde 80, na kumwandikia mtu aliyekwisha ondoka.

Jambo hilo limenipata. Miaka kadhaa iliyopita, nikihudumia kampuni moja, niliweka 65535 kwa foleni na kwa `somaxconn` nikaenda kulala nikiwa na furaha kwamba `ListenOverflows` imesimama. Asubuhi malalamiko yalikuwa makubwa kuliko ya jana. Vihesabu vyote vilikuwa sifuri, na karibu kila jibu tulilotoa usiku ule lilikuwa la mteja aliyeshaondoka. Foleni ndefu iliuhamisha uchungu kutoka mahali ninapoweza kuupima hadi mahali nisipoweza. Tangu siku ile napima urefu wa foleni kwa kuzidisha kasi ya kuhudumia na muda ambao mteja anaweza kuuvumilia. Sipimi kwa namba kubwa kuliko zote ambazo kerneli inakubali.

Kwako, 200 kwa sekunde mara subira ya sekunde 5 ni 1000. Weka 1024:

```
# /etc/sysctl.d/90-foleni.conf
net.core.somaxconn = 1024
net.ipv4.tcp_abort_on_overflow = 0
```

Kisha `sysctl --system`. Usiishie hapo, kwa kuwa soketi iliyokwisha funguliwa haibadiliki. Kikomo chake kilisomwa pale `listen()` ilipoitwa. Tazama pia programu yenyewe inaomba ngapi. Nginx kwenye Linux huomba 511 usipoiambia vinginevyo, Redis vilevile 511, na Tomcat 100 kupitia `acceptCount`. Ukiinua `somaxconn` na kuiacha programu kwenye 100, foleni yako ni 100. Rekebisha vyote viwili, anzisha upya programu, halafu hakikisha kwa `ss -lnt` kwamba `Send-Q` inasoma 1024. Ikisoma 128, hujabadilisha kitu, hata kama faili la mipangilio linasema nini. Anzisha upya wakati wa utulivu, si karibu na saa kamili, maana soketi inayosikiliza ikifungwa, wote walio kwenye foleni ya pili hutumiwa RST.

Kama programu inaendeshwa ndani ya kontena, kuna jambo jingine. `somaxconn` ni ya kila eneo la mtandao peke yake. Kuiinua kwenye seva mama hakushuki ndani ya kontena. Ipitishe unapoiwasha, kwa Docker ni `--sysctl net.core.somaxconn=1024`. Vihesabu vya `nstat` navyo viko hivyohivyo. Nimeona watu wakivisoma kwenye seva mama, wakakuta sifuri, na kuapa kwamba foleni haijai. Ingia kwenye eneo la kontena lenyewe, ukiweka namba ya mchakato wake mahali pa PID:

```
nsenter -t PID -n nstat -az TcpExtListenOverflows
```

Hata hivyo, 1024 haitoshi kuwabeba wageni 1500, na nimeichagua nikijua hilo. Foleni hufidia mtikisiko, haiongezi uwezo. Sehemu iliyobaki itoke kwenye ile milisekunde 80. Tuseme umekuta swali moja la hifadhidata lisilo na faharasa, ukalirekebisha, na ombi likashuka hadi milisekunde 40. Michakato ileile 16 sasa inamaliza 400 kwa sekunde. Ziada ni 100, wageni wanaorundikana ni 500 tu, wa mwisho anasubiri sekunde 1 na robo badala ya 7.5, na mkupuo ukipita foleni inamalizika ndani ya sekunde 2. Muda wa ombi umepungua nusu, lakini muda wa kusubiri umekuwa sehemu ya sita ya ule wa awali. Ndiyo sababu ninapokuwa na siku moja tu ya kufanya kazi kwenye seva kama yako, saa moja huenda kwenye foleni na zilizobaki kwenye ombi lenyewe.

Kuongeza michakato kutoka 16 hadi 32 kunaleta hesabu hiyohiyo ya 400, kwa sharti moja: hifadhidata iweze kuhudumia 32 kwa mpigo bila kupunguza mwendo. Kama yenyewe ndiyo iliyobanwa, milisekunde 80 zitageuka 160 na utakuwa palepale, ukiwa na kumbukumbu pungufu. Jaribu kwa 24 kwanza na upime muda wa ombi, si idadi ya makosa. Kuweka wakala kama Nginx mbele pia kunasaidia, kwa vile hupokea wageni upesi sana, lakini elewa kwamba msongamano unahamia kati yake na programu. Foleni ya kuchunguza itakuwa ile ya nyuma, na makosa yatakuja na sura ya 502 au 504.

Lakini kwa kuwa vifaa ni vyenu, kuna njia rahisi kuliko zote hizi, nami ningeanza nayo. Kila kifaa kichague kwa nasibu muda wa kuchelewa kati ya sekunde 0 na 300 baada ya saa kamili, ndipo kitume. Mkupuo wako ni maombi 350 juu ya yale 150 ya kawaida, kwa sekunde 5, yaani 1750. Ukiyasambaza kwa dakika 5, yanakuwa kama 6 kwa sekunde. Foleni ya 128 haitatikisika. Weka nasibu hiyohiyo kwenye kujaribu upya, la sivyo vifaa vilivyokatwa pamoja vitarudi pamoja. Tatizo la njia hii ni muda: vifaa vilivyoko mikononi mwa wateja havisasishwi kwa siku moja, na ndiyo maana unaihitaji 1024 wakati unasubiri.

Sasa kuna RST ambazo hazihusiani na haya yote, na ningependa uzitenganishe usije ukanirudia ukisema dawa haikufanya kazi. Kukatwa kwa foleni hutokea mwanzoni mwa muunganisho, kabla seva haijatuma hata baiti moja ya jibu. Rekodi upande wa seva:

```
tcpdump -ni any 'tcp port 8080 and tcp[tcpflags] & (tcp-syn|tcp-rst) != 0'
```

Ukimfuata mteja mmoja na kuona SYN-ACK ikitumwa zaidi ya mara moja kwa mteja yuleyule, kisha RST, hiyo ni foleni. Ukiona RST dakika nyingi baada ya SYN, muunganisho ulikuwa hai, na wa kuchunguzwa ni programu yenyewe, au kifaa cha katikati kinachofuta miunganisho iliyokaa kimya. Ukiona RST ikijibu SYN moja kwa moja, hakuna anayesikiliza mlango huo kabisa, na mteja atasoma `Connection refused`.

Mwite mtu aje akae na wewe mbele ya seva katika hali tatu. Ya kwanza, `ListenOverflows` inaendelea kupanda baada ya `Send-Q` kusoma 1024, tena saa zote, si saa kamili pekee. Hapo uwezo wenyewe umezidiwa, na anayejua hifadhidata yenu ana kazi kubwa kuliko anayejua kerneli. Ya pili, vihesabu vyote vimetulia lakini wateja bado wanakatwa mwanzoni mwa muunganisho. Inabidi pakiti zirekodiwe upande wa mteja na upande wa seva kwa wakati mmoja, zilinganishwe moja baada ya nyingine, na hilo haliwezekani kwa kuandikiana. Ya tatu, ukiona ile sura ya mafuriko ya kweli niliyoieleza: foleni ya pili tupu na `SYN-RECV` zikimiminika. Mpigie simu anayewapa mtandao saa hiyohiyo, kwa sababu pakiti hizo zinapaswa kuzuiwa kabla hazijaujaza waya wenu, na hakuna `sysctl` inayofika huko.